Kompyuta ni ya Ofisi. Je, na Maneno ni ya Ofisi?



Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa shauri lake bado halijaisha, makarani waliletewa waraka wa mistari miwili wenye kusema kwamba vifaa vyote vya ofisi vyaweza kuangaliwa. Wakatia sahihi wote, kama ilivyo desturi yetu makarani tunapoletewa karatasi yenye muhuri. Majuma machache baadaye karani mmoja wa masijala aliitwa mbele ya mkubwa wake, akawekewa mezani picha zilizopigwa kutoka katika kioo cha kompyuta aliyokuwa akiifanyia kazi, na katika picha hizo yalisomeka maneno aliyoandikiana na mkewe juu ya ugonjwa wa mtoto wao. Akaulizwa kwa nini alizungumza mambo ya nyumbani saa nne asubuhi. Hakuulizwa kama majalada yake ya siku ile yamekwisha. Nayo yalikuwa yamekwisha.

Jambo hili limezungumzwa sana na wenzetu, tena kwa sauti ya chini, na baadhi ya waliozungumza walimlaumu yule karani. Wamesema, kompyuta ni ya ofisi, umeme ni wa ofisi, na saa nne asubuhi nayo ni ya ofisi, basi alilia nini? Wengine wamesema asiye na kosa haogopi kuangaliwa. Na wako waliosema kwamba yeye mwenyewe alitia sahihi. Maneno haya matatu ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu, maana yanaenea, na tukiyaacha yakaota mizizi hatutakuwa na la kujibu siku tutakapoitwa sisi.

Lakini kwanza tuseme wazi jambo ambalo hatutaki litumiwe dhidi yetu. Mwajiri ana haki ya kuangalia kazi. Alipaye mshahara ana haki ya kujua kama karani amefika, kama barua zimejibiwa, kama fedha zilizopokewa dirishani zimeingia katika kitabu cha mapokezi, na kama habari za wananchi zilizo katika majalada yetu hazitoki nje kwa mlango wa nyuma. Karani auzaye siri za jalada, au akataye stakabadhi mbili kwa fedha moja, na aangaliwe mpaka ashikwe, wala Chama hiki hakitamlilia. Neno letu ni hili: kuangalia kuna mpaka, na mpaka huo hauwekwi pale mali ya ofisi inapokomea, bali pale haja ya ofisi inapokomea. Anayechanganya mambo hayo mawili huanza kwa kuhesabu kazi na kumaliza kwa kusoma barua za mke wa mtu.

Shauri la namna hiyo limekwisha kupita mbele ya waamuzi wakubwa, na yatufaa sote tulijue kwa urefu, kwa kuwa lafanana na la mwenzetu kama pacha.

Katika mji wa Bukarest, nchini Romania, palikuwa na mtu aliyeajiriwa na kampuni moja tangu mwaka 2004, kazi yake ikiwa ni uhandisi katika idara ya mauzo. Kampuni ilimwambia afungue akaunti ya Yahoo Messenger ili awajibu wateja, naye akaifungua. Kanuni za kampuni zilikataza kabisa kutumia kompyuta, simu na mashine za kunakilia kwa mambo ya binafsi, naye alitia sahihi kwamba amezisoma. Lakini kanuni hizo hazikusema hata neno moja kwamba kampuni itasoma ujumbe wa wafanyakazi. Mapema mwezi wa Julai 2007 ukazungushwa waraka wa kutangaza kwamba mfanyakazi mwingine amefukuzwa kwa kutumia vyombo vya kampuni kwa mambo yake, na kwamba ni wajibu wa mwajiri kusimamia kazi. Wafanyakazi wakaanza kuutia sahihi mmoja mmoja tangu tarehe 3 hata tarehe 13. Wakati huo huo, tangu tarehe 5, kampuni ilikuwa imekwisha kuanza kunasa maneno ya mhandisi huyu.

Tarehe 13 Julai, saa kumi na nusu alasiri, aliitwa. Akaonyeshwa michoro iliyoonyesha kwamba matumizi yake ya mtandao yamezidi ya wenzake, akaambiwa kwamba ametumia Yahoo Messenger kwa mambo yake. Akajibu kwa maandishi kwamba aliitumia kwa kazi tu. Baada ya dakika 50 akaitwa tena, na safari hii akatolewa kurasa 45 zilizochapwa, ndani yake mna maneno yake na ndugu yake na mchumba wake, na mengine yalikuwa ya faragha kabisa, ambayo hata rafiki hasomewi. Mlikuwamo hata ujumbe mitano iliyotoka katika akaunti yake mwenyewe, ambayo si ile ya kampuni. Tarehe 1 Agosti 2007 akafukuzwa.

Alikwenda mahakamani Bukarest akashindwa, akakata rufani akashindwa. Akaipeleka nchi yake mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyo katika mji wa Strasbourg, na shauri lake likajulikana kwa jina la Barbulescu na Romania. Huko nako kwanza alishindwa, mwezi wa Januari 2016, kwa majaji sita dhidi ya mmoja. Hakukata tamaa. Shauri likapelekwa mbele ya Baraza Kuu la mahakama hiyo, lenye majaji 17, na tarehe 5 Septemba 2017, miaka kumi tangu siku alipowekewa zile kurasa 45, majaji 11 dhidi ya 6 walisema kwamba haki yake ya faragha na ya usiri wa mawasiliano haikulindwa.

Tuangalie walisema nini, maana wengi hulitaja shauri hili bila kulisoma. Hawakusema kwamba mfanyakazi ana ruhusa ya kuzungumza na mchumba saa za kazi. Hawakusema kwamba kampuni haina haki ya kusimamia. Wala hawakumpa fidia ya uchungu wake; alirudishiwa gharama tu, yuro 1,365. Walilolisema ni hili, kwamba amri za mwajiri haziwezi kuyafuta kabisa maisha ya mtu ya faragha mahali pa kazi, na kwamba mahakama za Romania zilipaswa kuuliza maswali ambayo hazikuuliza. Je, mtu huyu aliambiwa kabla, tena waziwazi, kwamba maneno yake yenyewe yatasomwa? Kampuni iliangalia kiasi gani, kwa siku ngapi, na ni nani walioyasoma? Ilikuwa na sababu gani hasa? Je, haikuwapo njia nyingine nyepesi isiyofika ndani kiasi hicho? Mtu huyo alipatwa na nini kwa sababu ya kuangaliwa, na alikuwa na kinga gani?

Swali la sababu laonyesha udhaifu wa waajiri wengi. Mahakama za huko Bukarest zilitaja hatari kubwa kubwa: mitambo ya kampuni yaweza kuharibiwa, siri za biashara zaweza kutoka, kampuni yaweza kushtakiwa kwa maovu yafanywayo katika mtandao. Baraza Kuu likajibu kwamba hizo ni hatari za kudhaniwa tu, maana hakuna aliyesema kwamba mhandisi huyu alifanya hata moja. Nasi twazijua hatari hizi. Tukiuliza kwa nini twapigwa picha za vioo twaambiwa "usalama wa mtandao", kana kwamba homa ya mtoto ni kirusi cha kompyuta.

Sasa twarudi kwa wale wenzetu wasemao kwamba kompyuta ni ya ofisi. Ni kweli, ni ya ofisi. Msumari uliogongomewa ukutani nao ni wa ofisi, na karani afikapo asubuhi hutundika koti lake pale. Je, barua iliyo mfukoni mwa koti imekuwa ya ofisi kwa sababu imening'inia juu ya msumari wa ofisi? Mkubwa aweza kusema, "Usitundike koti hapa," nasi tutatii. Aweza kumwadhibu aliyetundika baada ya kukatazwa. Lakini kukatazwa kutundika koti si ruhusa ya kupekua mifuko. Hili ndilo kosa la Bukarest, nalo ndilo kosa la ofisi tuliyoitaja hapo juu: walidhani kwamba mtu akikosea kanuni ya matumizi amepoteza na faragha yake pia.

Tena hebu tupime jambo lenyewe. Kampuni ilitaka kujua nini? Ilitaka kujua kama mhandisi alitumia saa za kazi kwa mambo yake. Basi kwa swali hilo hesabu yatosha. Ukijua kwamba katika siku moja mtu amepeleka ujumbe mwingi mno kwa watu wawili wasio wateja, wa saa fulani na saa fulani, swali limekwisha kujibiwa, nawe waweza kumwita na kumwuliza. Michoro ile ya saa kumi na nusu ilikwisha kufanya kazi hiyo. Zile kurasa 45 za saa kumi na moja na dakika ishirini ziliongeza nini katika hesabu ya saa za kazi? Watatuambia kwamba alikana, basi ilibidi wamshike uongo. Lakini hapo napo orodha ya majina ya waliopelekewa, iliyopambanishwa na orodha ya wateja, ingemshika bila mtu kusoma neno moja. Kuhesabu ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine. Mwajiri anayesoma pale ambapo hesabu ingalitosha amekwisha kuvuka mpaka, hata kama kompyuta aliinunua kwa fedha zake.

Na kuna watu wengine waliosahauliwa katika habari hii. Mchumba na ndugu wa yule mhandisi hawakuajiriwa na kampuni, hawakupata mshahara wake, hawakutia sahihi waraka wowote. Vivyo hivyo mke wa mwenzetu. Yeye aliandika kutoka hospitali kwa simu yake mwenyewe na salio lake mwenyewe, na maneno yake yakachapwa na kuwekwa mezani kwa mtu asiyemjua. Waraka wa mistari miwili ungewezaje kumfunga yeye?

Tusije tukaonekana tunachagua mashauri yanayotupendeza tu, twaleta na lile ambalo wafanyakazi walishindwa, maana nalo lafundisha mpaka uko wapi. Karibu na Barselona, nchini Uhispania, palikuwa na duka kubwa ambalo meneja wake aliona, mwaka 2009, kwamba bidhaa zilizo ghalani na fedha zilizouzwa hazipatani. Kila mwezi pengo lilirudi, na kwa miezi mitano likazidi yuro 82,000. Akaweka kamera za wazi kwenye milango, na wafanyakazi wakaambiwa habari zake. Akaweka na nyingine zilizofichwa, zikitazama mahali pa kulipia, na hizo hawakuambiwa. Kwa siku kumi kamera zilionyesha watunza fedha wakipitisha bidhaa bila kulipiwa, na wafanyakazi 14 wakafukuzwa. Watano miongoni mwao walifika Strasbourg. Kwanza walishinda, mwezi wa Januari 2018. Kisha tarehe 17 Oktoba 2019 Baraza Kuu likageuza hukumu, majaji 14 dhidi ya 3, likasema haki yao haikuvunjwa.

Kwa nini huku mwajiri alishinda, naye alificha kamera, na kule yule mwingine hakupona? Soma tofauti zake. Hapa palikuwa na hasara inayopimika katika vitabu, si hatari ya kudhaniwa. Kamera zilitazama mikono ya watu juu ya meza ya kulipia, mahali ambapo kila mnunuzi hupita na kuona. Hazikutazama mahali pa kubadilishia nguo. Zilikaa siku kumi, na wezi walipojulikana zikakoma. Picha zilionwa na watu wachache, zikatumika kwa wizi huo tu. Tena majaji walionya kwamba shaka ndogo tu haitoshi kumruhusu mwajiri kuficha kamera. Walitofautisha hata mahali na mahali: chooni na mahali pa kuvulia nguo mtu hutarajia faragha kubwa kabisa, katika chumba cha ofisi kilichofungwa hutarajia kubwa, mbele ya wateja hutarajia ndogo. Sisi hatuoni kwamba hukumu hii yatudhuru. Twaona hata mengine ndani yake yangalikuwa bora zaidi. Majaji watatu waliokataa walikuwa na neno, maana sheria ya nchi ile iliagiza watu waambiwe. Lakini kama mkuu wa idara yoyote ataleta kwetu vitabu vyenye pengo la fedha, na kamera ya siku kumi juu ya dirisha la mapokezi, Chama hakitasimama njiani.

Wala si hivyo ilivyo katika ofisi zetu. Programu iliyowekwa katika ofisi tuliyoitaja hupiga picha ya kioo kila baada ya dakika kumi. Fanyeni hesabu. Kwa kutwa ya saa nane ni picha 48 kwa karani mmoja. Kwa makarani 30 ni picha 1,440, na kwa mwezi wa siku 22 za kazi ni picha 31,680. Ni nani atakayezisoma? Hakuna. Nasi twasema hiyo ndiyo hatari yake kubwa, maana picha zisizosomwa hazisimamii kazi ya mtu yeyote. Hukaa ghalani zikingoja. Siku karani atakapogombana na mkubwa wake juu ya likizo, au atakapoandika jina lake katika malalamiko ya Chama, ndipo mtu atakapofungua ghala na kutafuta. Katika picha elfu moja za mtu yeyote aliye hai hapakosi moja ya kumwaibisha. Ndivyo tuwajibuvyo wale wasemao kwamba asiye na kosa haogopi: mtu huyu hakutafutwa kwa ajili ya kosa, bali kosa lilitafutwa kwa ajili ya mtu.

Makarani wengi wametuuliza, ofisi huona nini hasa, na mtu atajuaje? Tutaeleza kwa kifupi, kwa kadiri tuwezavyo.

Tovuti nyingi za siku hizi hutuma maneno yakiwa yamefungwa kama barua ndani ya bahasha. Mtambo wa mtandao wa ofisi huona anwani iliyo juu ya bahasha, yaani umekwenda tovuti gani, saa ngapi, na mzigo ulikuwa mzito kiasi gani. Maneno ya ndani hauyaoni. Hesabu hiyo, kama tulivyosema, yatosha kwa mambo mengi ya usimamizi. Ili kuyasoma maneno ofisi hufuata moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kuweka cheti chake yenyewe ndani ya kompyuta yako, ili mtambo wa katikati uifungue bahasha, uisome, na kuifunga tena. Njia hii huacha alama. Fungua tovuti ya benki yako, bonyeza alama iliyo kando ya anwani, uangalie cheti na jina la aliyekitoa. Ukikuta hapo jina la ofisi yako, au la mtambo wa ulinzi wa ofisi, basi bahasha hufunguliwa njiani. (Baadhi ya programu za kuzuia virusi hufanya hivyo pia, kwa hiyo uliza kabla hujalaumu.)

Njia ya pili ni programu iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, ipigayo picha za kioo au iandikayo kila kitufe unachobonyeza. Hii haina haja ya kufungua bahasha, maana husoma barua ungali unaiandika. Ndiyo sababu mazungumzo ya WhatsApp, ambayo hufungwa sana njiani, yalisomeka yote katika picha za mwenzetu, kwa kuwa aliyafungua katika kioo cha kompyuta ya ofisi. Nayo iandikayo vitufe ni mbaya zaidi, kwani hunasa na nywila ya benki, na tangu siku hiyo aliye na daftari hilo aweza kuingia katika akiba yako. Ukitumia Chrome, andika chrome://management mahali pa anwani, utaambiwa kama kivinjari chako chasimamiwa na ofisi na msimamizi aweza kuona nini. Lakini programu iliyo nje ya kivinjari haitatajwa hapo, na nyingine zimetengenezwa makusudi zisionekane. Kwa hiyo kutoona alama si ushahidi kwamba haipo. Twawaonya pia msiing'oe kwa mikono yenu, maana hilo litakuwa kosa la nidhamu lililo wazi, na mwenye haki atageuka kuwa mwenye kosa. Ulizeni kwa maandishi, mweke nakala. Na mambo ya nyumbani yasemeni katika simu zenu wenyewe, kwa salio lenu. Si kwa kuwa tumekubali, ila kwa kuwa mwenye busara hafui nguo mtoni wakati mamba hajaondoka.

Limebaki neno la sahihi. Karani aliyeletewa waraka na mkubwa wake, mkubwa yule yule aandikaye taarifa yake ya kupandishwa cheo, aweza kweli kukataa? Na asipoweza kukataa, kukubali kwake kuna maana gani? Sahihi ile ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba karatasi ilifika machoni pake. Sasa karatasi ilisema nini? "Vyaweza kuangaliwa." Haikusema nani ataangalia, wala kitu gani, wala kwa muda gani, wala picha zitawekwa wapi na kufutwa lini. Mhandisi wa Bukarest naye aliletewa waraka uliosema kwamba mwajiri husimamia kazi, na Baraza Kuu lilisema kwamba onyo linapasa kutolewa kabla ya kuanza, hasa pale ambapo maneno yenyewe yatasomwa.

Twajua kwamba hukumu ya Strasbourg haizifungi mahakama zetu. Wakili aweza kuileta mbele ya jaji kama hoja, basi. Lakini hatukuachwa bila nguo. Hapa Tanzania, Katiba katika ibara ya 16 yataka faragha ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi yaheshimiwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali iliyoelezwa, zisizidi haja yake, wala zisikae kuliko inavyolazimu. Imeundwa na Tume ya kupokea malalamiko. Wenzetu wa Kenya wana ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, pamoja na Kamishna wake. Picha ya kioo yenye jina la mgonjwa na habari za ugonjwa wake ni taarifa binafsi, tena ni ya aina ambayo sheria hizi huilinda zaidi ya nyingine. Ofisi inayozikusanya picha 31,680 kwa mwezi itueleze ni kifungu gani kilichoiruhusu kuweka habari za homa ya mtoto.

Basi Kamati ya Chama imemwandikia mkuu wa ofisi ile barua, nakala kwa afisa utumishi wake. Tumemwomba atuambie ni hasara gani au kosa gani lililomfanya aweke programu ile, na kama lipo, kwa nini hesabu ya tovuti na saa haikutosha. Tumemwomba ataje kwa vyeo watu wanaoweza kufungua ghala la picha, na siku ambazo picha hufutwa. Tumemwomba azime uandishi wa vitufe kesho, si mwezi ujao, kwa kuwa hatuoni haja yoyote ya Serikali katika nywila za benki za makarani. Tumemwomba picha za mwenzetu zitolewe katika jalada lake la nidhamu, na aulizwe juu ya kazi yake tu. Na kama waraka mpya utaandikwa, tumeomba uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na tarishi na karani sawasawa, usomwe kwanza na Chama, na uanze kutumika baada ya watu kuusoma, si siku mbili baada ya kuanza kupiga picha.

Tumempa siku 21. Jibu lake likifika tutalichapa hapa lote, likiwa zuri au baya. Lisipofika, malalamiko yaliyokwisha tayarishwa yatapelekwa mbele ya Tume, na mwanachama yeyote aliyepata kuwekewa mezani maneno yake ya nyumbani anaombwa amletee Katibu tarehe na saa, nakala ya waraka aliotia sahihi, na majina ya waliokuwamo chumbani. Maneno yenyewe asiyalete. Hatuna haja ya kuyasoma.